Nyumbu Hafuati Mvua Peke Yake

Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba, picha ni zile zile: vumbi ukingoni mwa Mto Mara, maelfu ya nyumbu wamebanana wakitazama maji, mmoja anajitosa, wote wanafuata, na mamba anafunua kinywa. Msimulizi naye ana maneno yake tayari: wanyama hawa wanafuata mvua. Halafu anaongeza kwamba ni wajinga. Hapa kwetu hilo la ujinga limeshafika hadi kwenye siasa, mtu akiitwa nyumbu anajua ametukanwa.

Jioni ya leo nataka tuliangalie jambo hili kwa kuuliza swali ambalo wasimulizi huliruka. Kaskazini mwa Serengeti, kule Kogatende na Lamai, na ng'ambo ya mpaka kwenye Maasai Mara, kuna mto usiokauka, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Nyumbu anafika huko Julai au Agosti, anakuta nyasi, anakuta maji. Kwa nini habaki? Mvua zikianza Novemba, kaskazini ndiko inakonyesha nyingi zaidi, lakini yeye anageuza kichwa kuelekea kusini, kwenye uwanda mkavu ambao kwa mwaka mzima hupata mvua isiyofika hata nusu ya ile ya kaskazini. Mnyama anayefuata mvua tu asingefanya hivyo.

Jibu limo ardhini, na ili kulipata inabidi tuanzie mbali kidogo, kwenye volkano.

Mashariki ya uwanda wa Serengeti zimesimama nyanda za juu za Ngorongoro, na nyuma yake kuna milima ya moto, Kerimasi ambayo imekwisha kulala, na Ol Doinyo Lengai ambayo hadi leo hutoa moshi na majivu. Kwa muda mrefu sana majivu ya milima hii yalipeperushwa na upepo wa mashariki, ule unaoingia nchini kutoka Bahari ya Hindi, yakatua upande wa magharibi. Mengi yaliangukia karibu, kwenye uwanda wa kusini-mashariki, pale Ndutu na viunga vyake, na kadiri unavyoelekea kaskazini-magharibi yakawa machache. Majivu hayo yana madini mengi: kalsiamu, fosforasi, sodiamu. Nyasi zikiota juu yake zinayanyonya, na mnyama akila nyasi anayapata.

Majivu hayo hayo yamefanya na kazi nyingine. Mvua ilipoyalowesha na jua kuyakausha, miaka nenda miaka rudi, chokaa iliyokuwemo iliganda chini ya udongo ikawa tabaka gumu. Mizizi ya mti haipenyi. Ndiyo maana ukisimama Ndutu ukatazama mashariki huoni mti hadi upeo wa macho, ni nyasi fupi tu. Na nyasi zenyewe, kwa kuwa mizizi yao haiendi chini, mvua ikinyesha zinachipua baada ya siku chache, mvua ikikatika zinakauka upesi vilevile.

Sasa weka mambo mawili pamoja. Mvua inaongezeka unavyokwenda kaskazini-magharibi: kusini-mashariki, kwenye kivuli cha milima ya Ngorongoro, ni kama milimita 500 kwa mwaka, na kaskazini inapita 1,000. Rutuba ya nyasi inakwenda kinyume chake: kusini ni nono, kaskazini ni nyingi lakini hafifu, ndefu, zenye mashina magumu. Chakula bora kiko mahali pasipo na maji ya kudumu. Maji ya kudumu yako mahali chakula si bora. Nyumbu hana mahali pamoja panapomtosheleza mwaka mzima, kwa hiyo anatembea kati ya hizo sehemu mbili. Mwaka 2009 watafiti Holdo, Holt na Fryxell walijaribu kwa mahesabu maelezo mbalimbali ya uhamaji huu, wakapima ni yapi yanatoa njia inayofanana na ile nyumbu wanayopita kweli. Maelezo yaliyoshinda ni hayo: mvua na rutuba zinazovuta pande mbili zilizo kinyume.

Fosforasi na kalsiamu hizo ni za nani hasa? Ni za mama. Nyumbu jike hubeba mimba kwa miezi minane hivi, na huzaa kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Machi. Mtoto mmoja. Kuanzia siku hiyo anahitaji maziwa, na maziwa yanatengenezwa kwa kalsiamu na fosforasi. Mifupa ya ndama vilevile. Jike anayenyonyesha akibaki kwenye nyasi ndefu za kaskazini anaweza kujaza tumbo na bado akapungukiwa, kwa sababu nyasi zile hazina madini ya kutosha kwa wawili. Kwenye uwanda wa kusini anayapata, tena kwa wepesi, kwa kuwa mdomo wake umeumbwa kwa kazi hiyo. Nyumbu ana mdomo mpana, meno ya mbele yamejipanga kwa upana, anakata zulia la nyasi fupi kila anapoinamisha kichwa. Pundamilia, ambaye ana meno juu na chini, hukata mashina marefu, na mara nyingi utamwona ametangulia kwenye nyasi ndefu huku nyumbu akimfuata na kula kilichofunuliwa chini.

Kwa hiyo Februari iko kusini. Ukiwa Ndutu wakati huo utaona jambo la ajabu zaidi ya lile la mtoni, ingawa halipigwi picha sana. Majike karibu wote huzaa kwa pamoja: takriban ndama 8 katika kila 10 huzaliwa ndani ya majuma matatu hivi. Ndama huanguka chini, na baada ya dakika chache, mara nyingi hata kumi hazifiki, amesimama na anamfuata mama yake. Siku inayofuata anakimbia. Fisi wapo, simba wapo, bweha na duma wapo, na wanakula ndama. Lakini tumbo la fisi lina mwisho. Ndama laki kadhaa wakishuka kwa mkupuo, walaji wote wa uwanda wakishiba bado wamebaki wengi. Anayekiona cha moto ni ndama anayezaliwa peke yake, mapema au kwa kuchelewa, wakati hakuna wenzake wa kugawana naye hatari.

Halafu mvua za masika zinakatika. Mei inapokaribia kwisha, uwanda umegeuka rangi. Hapo watu husema nyasi zimekwisha, na ni kweli, lakini maji nayo yana sehemu yake. Nyumbu hawezi kukaa muda mrefu bila kunywa, anahitaji maji kila siku au kila baada ya siku mbili. Madimbwi ya kusini yanapokauka, chumvi inayobaki ndani yake inazidi kukolea, hadi maji yanakuwa makali yasiyonyweka. Kwa hiyo hata kabla dimbwi halijaisha, kundi limeshaondoka.

Wanaelekea magharibi na kaskazini. Mei na Juni ni msimu wa madume kupigania majike, wengi wakiwa katikati ya hifadhi au kwenye ukanda wa magharibi ulio karibu na Mto Grumeti. Ukihesabu miezi minane kutoka hapo utaangukia Februari. Mimba inatungwa magharibi ili mtoto azaliwe kusini nyasi zikiwa mbichi. Kuanzia Julai wanafika kaskazini, na huko wanakaa hadi mvua za vuli ziwarudishe.

Ningependa tuondoe kichwani ile ramani ya mshale mmoja unaozunguka kama saa. Nyumbu waliovishwa kola za satelaiti hawatembei hivyo. Wanakwenda mbele, wanarudi, wanakaa majuma mawili mahali pamoja, kisha mvua ya ngurumo inaanguka kilomita 30 pembeni na wanakatisha kuifuata. Wengine wanapita magharibi, wengine wananyoosha moja kwa moja kaskazini. Na kule kaskazini, wakishauvuka Mara, hawamalizi. Mvua ikinyesha ng'ambo wanarudi ng'ambo, ikinyesha upande huu wanakuja upande huu. Nyumbu mmoja anaweza kuuvuka mto mara kadhaa katika msimu mmoja. Kwa mwaka, miguu yake inakuwa imetembea zaidi ya kilomita elfu moja.

Sasa, kwa nini wawe wengi kiasi hicho? Leo wanakadiriwa kufika milioni 1.3. Haikuwa hivyo zamani za karibuni. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka, uliokuja na ng'ombe, ulipita Afrika Mashariki ukaua mifugo ya Wamasai na wengineo, ukaua nyati, ukaua nyumbu. Kwa miongo iliyofuata ugonjwa uliendelea kurudi na kuua ndama. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipoanza kuwahesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege mwishoni mwa miaka ya 1950, kazi ambayo Michael hakuimaliza kwa kuwa ndege yake iligongana na tumbusi Januari 1959 akafa, makundi waliyoyaona yalikuwa sehemu ndogo tu ya haya ya leo. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa takriban 250,000.

Kisha wakaanza kuongezeka. Hakuna aliyewachanja nyumbu. Waliochanjwa ni ng'ombe waliozunguka hifadhi, na ng'ombe walipopona sotoka, ugonjwa ukakosa mahali pa kujificha, ukatoweka hata kwa nyumbu. Kufikia 1977 walikuwa milioni 1.3. Mara tano ya hesabu ya 1961, ndani ya miaka 16. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani kote mwaka 2011.

Walichokipata baada ya ugonjwa kuondoka ni faida ya kutembea. Nyumbu wapo pia wasiohama, wa Kreta ya Ngorongoro na wengine wachache ukanda wa magharibi, lakini idadi yao haikaribii hata kidogo ile ya wahamaji. Anayehama anakula nyasi za eneo la maelfu ya kilomita za mraba, kila sehemu kwa wakati wake mzuri. Na anamwacha adui nyuma. Simba ana eneo lake na watoto wasioweza kutembea mbali, hawezi kufunga safari ya miezi kumfuata nyumbu. Nyumbu wakiondoka, simba wa uwanda anabaki na swala tomi na ngiri, na msimu huo ndio watoto wake wengi hufa njaa. Fisi anajitahidi zaidi. Watafiti Hofer na East walionyesha kwamba fisi wa Serengeti huacha watoto pangoni na kusafiri kilomita 40 na zaidi kwenda kula kwenye kundi, kisha kurudi kunyonyesha, na watoto wanaweza kukaa siku kadhaa bila maziwa. Hata hivyo idadi ya fisi inapangwa na safari hizo, haiwezi kupanda hadi kumdhibiti nyumbu. Nyumbu asiyehama analiwa mwaka mzima na majirani zake.

Basi tufike mtoni.

Mto Mara unaanza kwenye msitu wa Mau, Kenya, kwa vijito vya Amala na Nyangores, unapita Maasai Mara, unaingia Tanzania kaskazini mwa Serengeti, na kumwaga maji Ziwa Victoria upande wa Musoma. Wakati wa kiangazi, katika eneo hilo la kaskazini, ndio mto pekee wenye uhakika wa maji. Lakini kwa nyumbu umekatisha katikati ya malisho, kwa hiyo ni lazima uvukwe.

Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza anachoshwa na kusubiri. Kundi linafika ukingoni, linasimama. Linarudi nyuma. Linakunywa kidogo, tawi linavunjika, wote wanakurupuka. Inaweza kupita saa nzima au siku nzima, na pengine wanaondoka bila kuvuka. Hakuna kiongozi. Anayeingia majini kwanza ni yule aliyesukumwa hadi ukingoni akakosa pa kurudi, au aliyeona wenzake ng'ambo, na mara nyingine ni pundamilia. Akishaingia mmoja, walio nyuma hawaoni tena mto wala mamba, wanaona mgongo wa mwenzao. Hapo ndipo msongamano unapoanza, kama abiria wa daladala ya jioni ambao kila mmoja anasukumwa na aliye nyuma yake.

Sasa sikiliza hili vizuri. Nyumbu anaogelea. Akiingia mahali pazuri na kutokea mahali pazuri, Mto Mara hauna shida kubwa kwake. Anakufa kwa sababu ya ukingo wa pili. Upande anaoingilia unaweza kuwa umemomonyoka ukawa mteremko mzuri kwa sababu ya kwato za miaka mingi, lakini maji yakimsukuma chini mita 50 anajikuta chini ya ukuta wa udongo wima. Anaparamia, anateleza, anarudi majini. Mwenzake anakuja nyuma anampanda mgongoni. Wa tatu anawapanda wote wawili. Mto ukiwa umejaa baada ya mvua ya Mau au ya Mara yenyewe, kasi ya maji inaongeza umbali wa kusukumwa na inafunika zile sehemu za kutokea walizozizoea. Ndama anatenganishwa na mama yake, na mama aliyefika salama anageuka na kurudi majini kumtafuta, akikutana uso kwa uso na wale wanaokuja.

Mwisho wa Septemba 2007 mambo hayo yote yalikutana. Mvua ilikuwa imenyesha, mto umejaa, na makundi yakaanza kuvuka mahali ambapo kutoka ng'ambo kulikuwa kugumu. Waliokuwa nyuma waliendelea kuingia. Katika siku chache walikufa takriban 10,000. Mizoga ilikwama kwenye miamba na kona za mto, mingine ikavimba na kuelea. Dunia nzima ilitangaziwa kama msiba usio na mfano.

Ulikuwa mkubwa, sikatai. Lakini watafiti wakiongozwa na Amanda Subalusky walikwenda kuangalia kumbukumbu za mto kuanzia 2001 hadi 2015, na katika matokeo waliyochapisha 2017 walionyesha kwamba vifo vya pamoja vya kuzama hutokea karibu kila mwaka, mara nne au tano kwa mwaka, na kwa wastani nyumbu 6,250 huishia mtoni kila mwaka. Ukilinganisha na kundi la milioni 1.3, ni karibu nyumbu 1 katika kila 200. Hata mwaka 2007, wale 10,000 hawakufika 1 katika kila 100.

Na mamba? Mamba wa Mara na Grumeti ni wakubwa kweli, wengine wanafika mita tano, na wanajua ni wapi pa kungojea. Anakamata mguu au pua, anamvuta mnyama chini hadi azame. Lakini mamba hawezi kutafuna. Meno yake ni ya kushika. Ili apate kipande inabidi ajiviringishe majini mpaka nyama ikatike, na tumbo likishajaa anaweza kukaa majuma mengi bila kula. Siku mizoga mia kadhaa inapoelea, mamba mmoja anakula sehemu ndogo mno. Picha inamwonyesha yeye kwa sababu ana kinywa kikubwa. Udongo ulio wima haupigwi picha, ingawa ndio unaoua wengi zaidi.

Kama mto unaua 1 katika 200, wengine wanakufia wapi? Hili lilijibiwa na Mtanzania, Simon Mduma, pamoja na Sinclair na Hilborn, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1999 iliyojumlisha takwimu za miongo kadhaa. Njia yao ya kujua sababu ya kifo ilikuwa rahisi kueleza, ingawa kuifanya kunataka moyo: unaupata mzoga, unapasua mfupa, unatazama uboho. Nyumbu aliyekuwa na afya, hata kama ameliwa na simba asubuhi ile, uboho wake ni mweupe, mgumu, umejaa mafuta. Aliyekufa kwa njaa uboho wake umegeuka utelezi wa kung'aa, unapitisha mwanga, kwa kuwa mafuta ya ndani ya mfupa ndiyo ya mwisho kutumiwa na mwili baada ya mengine yote kuisha. Mwenye uboho wa namna hiyo alikuwa amekwisha kabla simba hajamfikia, simba alimmalizia tu.

Walichokuta ni kwamba takriban robo tatu ya vifo vilitokana na kukosa chakula cha kutosha, hasa mwisho wa kiangazi, Agosti hadi Novemba. Miezi ile ile ya kuvuka mto. Mwaka 1993 mvua ya kiangazi haikuja, kaskazini nyasi zikabaki makapi, na kundi lililokuwa limezidi milioni likashuka chini yake. Mamia ya maelfu walikufa, na hakuna aliyepanga foleni ya magari kuwatazama, maana mnyama anayekufa njaa analala tu chini ya mti. Kwa hiyo nyumbu anaposimama ukingoni akipima mto, nyuma yake kuna malisho yaliyokwisha, na hayo ni hatari kubwa kuliko maji. Sioni ujinga hapo.

Wale wanaozama nao hawapotei bure. Wale 6,250 wa kila mwaka ni zaidi ya tani 1,000 za nyama, ngozi na mifupa zinazoingia kwenye mto mmoja. Tumbusi na wale makorongo wakubwa wenye upara wanachukua sehemu yao na kuisambaza angani, mbali na mto. Nyama laini inaoza na kuisha katika majuma mawili hadi kumi. Siku hizo samaki hula mizoga kwa wingi, kundi la Subalusky lilikuta inafika theluthi hadi nusu ya chakula chao. Mifupa ndiyo inayochukua muda, takriban miaka saba kumalizika, na fosforasi iliyomo inatoka kidogo kidogo. Utando wa vijidudu unaota juu yake na samaki wanaendelea kuula utando huo kwenye mifupa ya nyumbu wa miaka iliyopita. Hiyo ni fosforasi ya volkano msikilizaji, iliyonyonywa na nyasi za Ndutu, ikatembea kwa miguu hadi Kogatende, na sasa inaelekea Ziwa Victoria.

Ninachohofia mimi hakiko majini. Kiko kwenye njia. Kenya ina uhamaji wake mwingine mdogo, wa nyumbu wa uwanda wa Loita, ambao kiangazi huingia Maasai Mara kutoka mashariki. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya laki moja. Mashamba yakagawanywa, yakauzwa, yakalimwa, na yakazungushiwa uzio, na leo imebaki sehemu ndogo tu ya idadi ile. Hakuna mamba aliyefanya hivyo. Nyumbu akikuta uzio anafanya anachofanya mtoni, anasimama, anasukumwa, isipokuwa uzio hauna ng'ambo ya kufikia. Botswana walishayaona hayo Kalahari, ambako nyua za kuzuia magonjwa ya mifugo zilikata njia za kuelekea maji na ukame wa miaka ya 1980 ukaua nyumbu kwa makumi ya maelfu. Upande wa Serengeti kundi kubwa bado lina njia. Lakini maji yake ya kiangazi yanatoka Mau, nchi nyingine, kwenye msitu uliokatwa sana na mto ambao watu wengi wanautumia kumwagilia mashamba yao, na Mara ukikauka hakuna mto wa pili wa kaskazini wa kwenda.

Ukipata bahati ya kwenda Kogatende kiangazi hiki, ongea na dereva wako mapema, kabla kundi halijafika ukingoni. Usimwombe akupeleke mbele kabisa. Gari likisimama kwenye mteremko wa kutokea, au watu wakishuka na kupanga mstari pale juu na simu zao, nyumbu wanaotoka majini hugeuka kando na kwenda kujaribu ule ukuta wa udongo. Mwambie asimame nyuma, mbali na ukingo, azime injini, na mngoje hadi wa kwanza wameshapanda upande wa pili. Hapo hata mkisogea kidogo hamuwazuii tena, kwa sababu njia yao wameshaiona.